Uso safi juu ya mwili wenye chenga: uongeze chenga au uzifute?

Tuseme katika Photoshop unaunganisha uso wa picha moja na mwili wa picha nyingine: uso umepigwa studio kwa ISO 100, mwili umepigwa usiku kwa simu. Uso ni laini, mwili umejaa chenga, yaani punje ndogondogo zinazotokea picha ikipigwa penye mwanga hafifu. Njia ni mbili: kuzifuta chenga za mwili, au kuupa uso chenga zinazofanana nazo.

Kufuta ni haraka, lakini vinyweleo na nyuzi za nguo huondoka pamoja na chenga, na ngozi hubaki kama plastiki. Isitoshe, mandhari ya nyuma nayo italazimika kusafishwa. Mimi huitumia kidogo tu, pale madoa ya rangi yanapozidi.

Kuongeza kunadai subira ila matokeo yake hushawishi. Kwanza punguza uso hadi saizi yake ya mwisho, kisha linganisha rangi kwa Curves, chaneli moja moja: kivuli cha chini ya taya na kivuli cha shingo, shavu lenye mwanga na bega lenye mwanga. Chenga zije baadaye, kwa sababu Curves ikivutwa huzikuza au kuzififisha. Weka leya ya kijivu cha 50% katika Overlay juu ya uso pekee, tumia Add Noise, halafu Gaussian Blur ndogo sana, kwa kuwa chenga za simu huwa nene kuliko pikseli moja.

Kagua kwa 100% katika chaneli ya bluu, ambako chenga huonekana zaidi. Mpaka wa shingo ukionekana hapo, bado hujamaliza.