Televisheni janja, giga 10 na kitufe cha "Tout accepter"

Nilinunua televisheni janja ya inchi 43 hapa Lubumbashi, karibu na soko la Kenya. Chapa siitaji, maana mengi yaliyonipata yangenipata hata na nyingine. Picha ni safi, sauti ni nyembamba kidogo, na hapo sina zaidi la kusema. Kilichonichukua wiki mbili ni mtandao.

Nyumbani Katuba hatuna modemu, tunatumia hotspoti ya simu yangu. Televisheni ikaonyesha mitandao ya majirani wote, ila wa kwangu haukuwemo. Nikaanza kumlaumu muuzaji. Shemeji yangu, anayetengeneza simu, akaja akafungua mipangilio ya hotspoti: ilikuwa kwenye 5 GHz, na televisheni hii inasikia 2.4 GHz tu. Tukabadilisha, jina likatokea papo hapo. Hiyo 2.4 pia ndiyo inayopenya vizuri kuta za matofali, kwa hiyo sikupoteza kitu.

Kisha zikaja kurasa za masharti. Kijana wangu alikuwa na haraka ya kuona mpira, akabonyeza "Tout accepter" kabla sijavaa miwani. Akaunti za video zilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Hauandiki nywila kwa rimoti herufi moja moja. Televisheni inakupa namba fupi, nawe unaiandika kwenye simu. Kwa Netflix ni netflix.com/tv8.

Ijumaa nikanunua forfe ya giga 10. Jumamosi usiku zikawa zimekwisha. Mama watoto akasema: "Baba, hiyo televisheni inatupeleleza, ndiyo maana inakula mega." Alikuwa na haki nusu. Tulipiga hesabu. Netflix yenyewe inaandika kwamba picha ya HD inaweza kufika giga 3 kwa saa. Filamu mbili za saa moja na nusu ni giga 9, na zilizobaki zikaenda kwenye video za watoto. Hapakuwa na mwizi.

Dawa yake haiko kwenye televisheni. Unaingia kwenye akaunti yako ya Netflix kwa kivinjari cha simu, unachagua profaili, kisha kwenye mipangilio ya kucheza video unaweka matumizi ya wastani: kama giga 0.7 kwa saa. Giga 10 zile zile zinakuwa karibu saa 14. Kwenye inchi 43, ukikaa mita tatu, utaona tofauti kidogo kwenye sura za watu wa mbali, tumezoea. Fanya hivyo kwa kila profaili, maana mimi nilisahau ile ya watoto nikalipia tena.

Lakini kuhusu kupelelezwa, mama watoto hakukosea. Televisheni nyingi za leo zina kitu kinachotambua unachotazama: zinachukua alama ndogo za picha au sauti, zinazituma kwa mtandao, na huko zinalinganishwa na hazina ya vipindi. Kinachoshangaza ni kwamba hata dekoda iliyochomekwa kwa HDMI inaweza kusomwa hivyo, ingawa ndani ya Netflix kwenyewe kwa kawaida kitu hicho hakifanyi kazi. Mwaka 2017 huko Marekani kampuni ya Vizio ililipa dola milioni 2.2 kwa kukusanya habari hizo bila ruhusa ya kweli. Sisi ruhusa tuliitoa wenyewe, kwa kidole cha kijana wangu.

Kitufe cha kukizima kinaitwa tofauti kwa kila chapa. Kwa LG ni Live Plus, kwa Samsung ni Viewing Information Services. Kwangu kilikuwa ndani ya kurasa za masharti, hatua nne chini, sehemu ambayo hakuna mtu anaifika kwa bahati. Nikaondoa alama hapo, na kwenye matangazo yanayofuata mazoea yako, na kwenye utambuzi wa sauti. Masharti ya jumla niliyaacha, kwa sababu bila hayo duka la programu halifunguki.

Usitegemee mega zirudi kwa kufanya hivyo. Alama hizo ni ndogo sana. Mega niliziokoa kwa kuzima sasisho la kujiendesha, na kwa kuzima hotspoti usiku, maana televisheni iliyolala kwa taa nyekundu bado inaweza kupakua. Nikisasisha, ninafanya mwenyewe, kisha ninarudi kuangalia vile vitufe. Mara moja nilikuta kimoja kimewashwa tena.

Kinachobaki kunikera ni saa. Ukichagua nchi yetu inajiwekea saa ya Kinshasa, ambayo iko nyuma yetu saa nzima. Nairekebisha kwa mkono, umeme ukikatika inarudi kule kule, na juzi tumewasha mechi ikiwa tayari kipindi cha pili.