Uzoefu wangu na vidonge vya supu: kiasi gani kwa lita moja ya maji?

Nimetumia vidonge vya supu, vile vya mraba vyenye gramu 10, kwa muda mrefu, na unga wake pia. Vyote viwili ninavipenda, ila kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti sikifuati tena kwa supu inayochemka muda mrefu. Pakiti yangu inasema kidonge kimoja kwa nusu lita, yaani viwili kwa lita. Kwa mchuzi mwepesi unaoyeyushwa na kunywewa papo hapo, kipimo hicho kinakubalika, ingawa kwangu chumvi iko juu kidogo. Kwa supu ya mboga au dengu, hapana.

Sababu iko kwenye kidonge chenyewe. Zaidi ya nusu ya uzito wake mara nyingi ni chumvi. Kilichobaki ni mafuta, viungo na vikoleza ladha. Changu kina gramu 5.5 za chumvi. Kiasi hicho kinasomeka kwenye jedwali la virutubishi, na kama wameandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5. Angalia pia kama hesabu yao ni ya kidonge kikavu au ya mchuzi uliokwisha kuchanganywa, maana tofauti yake ni kubwa mno.

Supu ninayoiona imekolea vizuri ina gramu 7 hivi za chumvi kwa kila lita inayofika mezani. Chini ya 5 naiona chapwa, na ikipita 10 watu wanaanza kutafuta maji ya kunywa. Hapo kwenye "inayofika mezani" ndipo pakiti inapokuacha, kwa sababu maji hupungua kwa mvuke ila chumvi haiendi popote.

Chukua supu ya dengu na karoti. Naanza na lita 1.5 za maji, naichemsha kwa moto wa wastani mfuniko ukiwa umeachwa wazi kidogo, na dengu zikiiva imebaki kama lita 1.2. Kwa kipimo cha pakiti ningeweka vidonge vitatu, sawa na gramu 16.5 za chumvi, na supu ingefika karibu gramu 14 kwa lita. Hiyo hailiki. Nikiweka kidonge kimoja na nusu, napata gramu 8 na ushei ndani ya lita 1.2, karibu 7 kwa lita, na inakolea sawasawa. Kwa hiyo kipimo changu ni kidonge kimoja kwa kila lita ya maji ninayoanza nayo, na nusu nyingine naishika mkononi hadi mwisho. Kama ndani kuna nyama iliyotiwa chumvi, jibini au maharagwe ya kopo, naanza na nusu kidonge tu.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni wakati wa kutia. Kidonge nakitia dakika kumi za mwisho, nikishaona maji yamebaki kiasi gani, nakivunjavunja kwanza kwenye kikombe cha mchuzi wa moto ili kisibaki mabonge. Kisha nachota kijiko, nakiacha kipoe kidogo, ndipo naonja. Supu inayotokota inaunguza ulimi na kukudanganya kwamba chumvi haitoshi.

Ikiwa imezidi, dawa ni maji ya moto, kidogo kidogo. Viazi vinavyosifiwa kwamba vinafyonza chumvi havifanyi hivyo: kiazi hufyonza maji pamoja na chumvi iliyomo, na mchuzi unaobaki uko vilevile. Kwa upande mwingine, supu inaweza kuwa na chumvi ya kutosha na bado ikawa imepooza. Naitambua hivi: naongeza chumvi punje chache kwenye kijiko kimoja tu, naonja. Isipobadilika kuwa tamu, ila ikazidi ukali, basi kinachokosekana si chumvi. Hapo kamulio la limau, nyanya au vitunguu vilivyokaangwa hadi kuwa vya kahawia husaidia kuliko kidonge cha pili.

Unga nao naupa alama ya juu kwa kurekebisha, kwa sababu unatia robo kijiko na kuonja. Udhaifu wake ni kijiko chenyewe. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu kwenye unga wangu kina gramu 4 hadi 5, lakini kilichojazwa kwa mlima hufika karibu maradufu. Na ukiingia unyevu unagandamana, kijiko kilekile kikabeba zaidi. Mimi nauhifadhi kwenye chupa inayofunga vizuri, naupima kwa mizani, gramu 10 kwa lita, na kijiko nakiachia marekebisho ya mwisho.