"Kwani unakula macho?" Uzoefu wangu wa kuchagua changu kwa picha

"Kwani unakula macho?" Hilo ndilo jibu nililopewa na mtu niliyemlipa shilingi 48,000 kwa kilo 3 za changu. Sikumtukana. Nilimtumia picha ya samaki alioniletea, nikamwambia kaka, macho yamezama na hawa si wale ulionionyesha. Akajibu hivyo, kwa maandishi, na imebaki kwenye simu yangu mpaka leo. Ndiyo, kwetu macho tunakula. Kichwa cha changu kwenye mchuzi wa nazi ndicho kinachogombewa mezani, na jicho ni la mkubwa wa siku hiyo.

Nieleze vizuri ilivyokuwa, maana wengi tunanunua kwa mtindo huu. Ilikuwa mwisho wa mwezi, mama mkwe anakuja kutoka Bagamoyo. Mimi nakaa Kimara, na ukitaka mnada wa Feri lazima uamke alfajiri, jambo ambalo siku ile nisingeliweza. Nikawaandikia wauzaji watatu ninaowaona WhatsApp, kila mmoja anitumie picha ya changu wa siku hiyo. Zilipofika zote nikakaa nazo, nikazikuza moja moja, nikalinganisha jicho kwa jicho, matamvua kwa matamvua, ngozi kwa ngozi. Nilijiona najua ninachofanya.

Picha ya kwanza ilikuwa nzuri kupita kiasi. Changu mmoja mnene amelazwa juu ya barafu, kidole kimeinua kifuniko cha shavu, na ndani matamvua ni mekundu ya damu mbichi. Jicho lina nukta nyeupe inayong'aa. Ngozi inametameta yote. Picha ya pili sikuihangaikia: beseni zima limepigwa kutoka juu, samaki kama ishirini, macho yao vitone tu na hakuna shavu lililofunguliwa. Ya tatu ilipigwa nje, kwenye mwanga wa kawaida, haina mvuto hata kidogo. Samaki watatu, vipande vya barafu vimewalalia, na yule wa mbele jicho lake lina ukungu wa kibuluu. Matamvua mekundu lakini yamepauka kidogo. Nikasema huyu wa ukungu hapana. Nikatuma pesa kwa wa kwanza.

Mzigo ukafika mchana kwa bodaboda, kwenye mfuko wa plastiki, barafu ikiwa vijimaji. Nilipomtoa wa kwanza tu nikajua nimekwisha. Jicho lilikuwa limebonyea, limeingia ndani ya tundu lake, na mboni imekuwa ya kijivu. Nikainua shavu: rangi ya kahawia, kama chai iliyolala, na ute mzito unaovutika. Mama mkwe alikuwa ameketi hapo hapo kwenye mkeka. Akamchukua, akamnusa kwenye shavu, akambonyeza mgongoni kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema tu, "Mwanangu, hawa wana siku zao. Weka maharage jikoni."

Kuna watakaosema ni joto la njiani. Na mimi nilijaribu kumtetea muuzaji kwa hilo, kwa sababu jua la saa nane mchana na mfuko wa plastiki ni adui kweli. Lakini mama mkwe amezaliwa kwenye samaki, na alinikatalia: saa moja au mbili za njiani humlegeza samaki na kumpa harufu, hazimzamishi macho namna ile wala hazigeuzi matamvua kuwa kahawia. Wekundu ule ni damu iliyoshika hewa. Kadiri siku zinavyopita inageuka kahawia, mwisho inakuwa kijivu, na ute unaokuwa mwepesi na wazi kama maji unageuka mzito wa maziwa. Na jicho la samaki mpya limejaa, limetokeza nje kidogo. Likianza kuwa bapa siku zimepita, likibonyea zimepita zaidi.

Usiku ule nikairudia picha yake, safari hii mama mkwe yuko kando yangu na miwani yake. Akaniuliza swali moja tu: barafu ina rangi gani? Nikatazama. Barafu ilikuwa ya waridi. Tumbo la changu, ambalo hupaswa kuwa jeupe, nalo la waridi. Hata ukucha wa kile kidole ulikuwa mwekundu mwekundu. Samaki alikuwa amepigwa picha chini ya mwavuli mwekundu, au turubai jekundu, na kila kilichokuwa chini yake kiliazima rangi ile. Mimi nikawa nalinganisha wekundu wa matamvua kati ya picha tatu zenye mianga mitatu tofauti, bila kwanza kutafuta kitu cheupe ndani ya kila picha cha kunipa kipimo. Barafu ilikuwepo pale pale. Kama barafu si nyeupe, rangi ya shavu haisemi kitu, si nzuri wala mbaya.

Na jicho je? Ile nukta nyeupe niliyoipenda ilikuwa mwanga wa simu tu. Inatokea kwenye kitu chochote chenye maji, hata kwenye jicho la samaki wa wiki nzima. Kinachotakiwa kutazamwa ni mboni: je, ni nyeusi kabisa na ukingo wake unaonekana wazi, au imechanganyika na weupe wa pembeni? Na je, jicho limevimba? Hilo huwezi kuliona kwenye picha iliyopigwa kutoka ubavuni moja kwa moja. Lazima simu iwe mbele ya pua ya samaki au imshike kwa mshazari, ndipo uone kama jicho limetokeza au limekuwa shimo. Yake ilipigwa ubavuni, na sidhani kama ni bahati.

Ngozi ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Kopo la maji linatosha kumng'arisha samaki yeyote kwa dakika kadhaa. Samaki aliyemwagiwa maji anang'aa kwa mabaka meupe, pale mwanga unapopiga. Ngozi mpya ina mng'ao wa rangi zake mwenyewe chini ya ute mwembamba, na ukimgeuza kidogo rangi inacheza. Kwenye picha moja iliyosimama huwezi kutofautisha. Mimi sasa ngozi naitazama mwisho, na siiamini.

Kilichonimaliza kabisa ni mkia. Yule changu wa pichani alikuwa na mpasuko kwenye ncha ya juu ya mkia. Nikaenda jikoni, nikawaangalia wote walioletwa. Hakuna mwenye mpasuko. Nikamuuliza muuzaji, akasema picha ni ya mfano. Nikamwambia nilikuomba picha ya samaki wa leo. Ndipo akaniandikia lile neno la macho, kisha akaninyamazia. Pesa sikurudishiwa hata shilingi.

Kesho yake, kwa aibu, nikamwandikia yule wa tatu wa picha mbaya. Nilimuuliza waziwazi kuhusu ule ukungu. Hakukasirika. Akanitumia video fupi ya samaki yule yule, akamgeuza upande wa pili: jicho lile lililokuwa limelalia mwenzake lilikuwa safi, jeusi, limejaa. La juu lilikuwa limeguswa na barafu usiku kucha, na barafu na maji yake hulipaka jicho ukungu hata kama samaki ni mzuri. Maji hayo hayo hufua matamvua yakapauka, ndiyo maana ya kwake hayakuwa mekundu ya kutisha. Ukungu wa jicho una sababu nyingi, kubonyea kuna sababu chache. Mimi nilimkataa samaki mzuri kwa ukungu, nikamchukua mbovu kwa nukta ya mwanga.

Changu wake walifika kwenye ndoo yenye mfuniko, barafu bado ina vipande. Mama mkwe akabonyeza mgongo, nyama ikarudi palepale. Akanusa shavu, akasema, "Huyu ananuka bahari." Tukamla siku ile, na kichwa alikula yeye.

Kwa hiyo je, huyu wa tatu nampa sifa zote? Nilitaka kuandika hivyo, lakini nisimpambe. Anachelewa, simu hapokei, na bei yake imezidi kidogo. Na hata video yake haiwezi kunipa harufu wala kubonyeza kwa kidole changu, vitu viwili ambavyo mama mkwe aliviamini kabla hajaliangalia jicho. Kwa changu na tasi nitaendelea naye. Kwa nguru, jodari na vibua sinunui kwa picha tena, ya mtu yeyote. Samaki hao wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu inayowasha mdomo, inayokufanya uwe mwekundu usoni na kuumwa kichwa, na kupika hakuiondoi. Anaweza kuwa nayo huku jicho linang'aa vizuri tu. Hapo picha haisaidii kitu.

Ninachoomba siku hizi ni video ya sekunde chache, nje, pasipo mwavuli. Samaki atolewe kwenye barafu bila kumwagiwa maji, aonyeshwe macho yote mawili na uso kwa mbele, shavu liinuliwe huku barafu nyeupe ikiwa ndani ya picha, kisha abonyezwe mgongoni na kidole kitolewe mbele ya kamera. Na huyo huyo ndiye anayepakiwa, si mfano wake. Wauzaji wawili wameshaniambia nina masharti ya mganga. Mmoja amekubali.

Nilipoanza kuandika nilidhani nitasema yule wa kwanza labda hakujua, labda alidanganywa na aliyemletea. Nimejaribu kumfikiria hivyo. Lakini mtu asiyejua haulizi "kwani unakula macho". Anauliza macho yamefanyaje.

Juzi ameweka picha mpya kwenye stetasi yake. Nguru safari hii, mkubwa, shavu limefunguliwa kwa kidole, mekundu kabisa. Nimekuza picha mpaka pembeni, nikatafuta barafu. Ya waridi.