Uzoefu wangu na kamera ya gari ya "digrii 170": ilinionyesha barabara, ikanificha namba

Kamera hii niliinunua Kariakoo kwa shilingi 65,000, nikaifunga kwenye Kirikuu yangu inayobeba mizigo kati ya Kimara na mjini. Sitataja jina la kampuni, kwa sababu kamera zenye boksi kama hili ni nyingi na ndani karibu zote zinafanana. Boksi linasema digrii 170 na picha ya 1080. GPS haina. Nimeitumia miezi saba. Ningeandika maoni haya mapema, ila nilitaka kwanza nione inafanya nini siku ya shida, maana siku za kawaida kila kamera ni nzuri.

Siku ya shida ilifika saa moja na nusu usiku, mvua za rasharasha. Kijana wangu dereva alikuwa anashuka Barabara ya Morogoro kuelekea mjini. Noah moja ikampita kulia, ikaingia mbele yake ghafla, ikakwangua bodi, ikang'oa kioo cha pembeni na kukimbia. Kijana ni mgeni wa Dar, hana hata miezi mitatu. Akanipigia: "Bosi, nimegongwa, nipo karibu na kituo cha mwendokasi." Kituo kipi? Hajui, na kwa hofu hakusimama. Aliendesha mpaka Jangwani ndipo akapaki.

Kwenye kituo cha polisi tukaulizwa swali moja tu: "Ni Manzese au Magomeni?" Swali la haki kabisa. Manzese iko Ubungo, Magomeni iko Kinondoni, na kila upande una kituo chake cha polisi. Afande akasema, "Kaka, nendeni mkaangalie hiyo video yenu, mkijua ni wapi mje." Basi nikakaa na ile video usiku mzima. Nimesomea upimaji ardhi, kwa hiyo kutafuta mahali kwa kutumia picha si jambo geni kwangu. Hata hivyo kamera hii ilinifundisha adabu.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Kijana alinitumia video kwa wasapu, na wasapu huibana video mpaka inakuwa uji. Taa zote zilikuwa mabonge ya rangi. Kesho yake asubuhi nikachukua kadi ya memori yenyewe, na hapo nikaona tofauti kubwa. Ukipata tukio, toa kadi mara moja, maana kamera hizi hurekodi kwa mzunguko na kufuta za zamani. Usitegemee pia tarehe inayoandikwa chini ya picha. Yangu ilisoma 2019/01/01, kwa sababu kabetri ka ndani kalikuwa kameisha na saa ikarudi mwanzo.

Sasa namba ya Noah. Watu wengi wananunua kamera hizi kwa ajili ya namba, kwa hiyo nieleze vizuri. Ile 170 ya kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kona hadi kona, si kushoto hadi kulia. Nilipima mwenyewe uani: niliweka kamera mita 2 kutoka ukutani, nikaona inameza ukuta wa karibu mita 6.9 kwa upana. Hiyo ni kama digrii 120. Picha ina nukta, zile pikseli, 1920 kwa upana, hivyo kila digrii moja inapata nukta 16 hivi. Kibao cha namba kina urefu wa karibu nusu mita. Gari likiwa mita 20 mbele, kibao kinachukua digrii moja na nusu kasoro, yaani nukta 23. Gawa kwa T, tarakimu tatu na herufi tatu, na nafasi zake: kila herufi inabaki na nukta 3. Kwa nukta 3 huwezi kutofautisha B na 8, wala kujua kama ni herufi kweli. Gari likiwa mita 5, kila herufi inapata kama nukta 11, na hapo mchana unaweza kusoma.

Noah ilikuwa mita 5 kwa muda mfupi sana, usiku, kwenye mvua, huku taa zetu zikiipiga kibao usoni. Kibao kilitoka cheupe kitupu. Hapa nataka wasomaji wanielewe: hata rangi sikuweza kuisemea. Kibao cha njano ni gari la mtu binafsi, cheupe ni la biashara. Lakini njano ikipigwa na mwanga mkali kwenye kamera dhaifu inageuka nyeupe. Kijana alikuwa ameshaanza kusema, "Bosi, ni teksi ile, kibao cheupe." Nikamkataza kuandika hivyo kwenye maelezo yake.

Nikaacha namba, nikatafuta mahali. Kwenye video, sekunde 38 kabla ya kugongwa, gari linapita chini ya kitu kilichojikunja kama upinde juu ya barabara. Kijana akasema ni barabara za juu za Ubungo. Nami nilikaribia kukubali, kwa sababu ule mkunjo ulifanana na barabara ya juu inayopinda. Lakini upinde huo aliuchora mtengeneza lenzi. Lenzi pana ya bei rahisi huvimbisha picha kama pipa: mstari ulionyooka, usipopita katikati ya picha, hupinda kuelekea nje. Ulio juu hupinda kwenda juu, nguzo za pembeni huonekana zimebeba matumbo. Nikainyoosha kwa programu ya bure:

```
ffmpeg -i REC0142.MP4 -vf "lenscorrection=k1=-0.22:k2=-0.02" sawa.mp4
```

Hizo namba mbili nilizipata kwa kujaribu, nikiangalia ukuta wa matofali nilioupiga kwa kamera hiyohiyo mpaka mistari ikanyooka. Lenzi yako itataka namba zake. Baada ya kunyoosha, upinde ukawa mstari mwembamba ulionyooka, wenye vyuma vya pembeni na bila taa ya gari hata moja juu yake. Lile ni daraja la waenda kwa miguu la Manzese. Ubungo ikafutika.

Kunyoosha kuna mpaka wake. Hakuleti nukta mpya, kunavuta zilizopo. Pembeni mwa picha, ambako majina ya vituo yalipita, maandishi yalinyooka lakini yakawa ukungu zaidi. Vituo vya mwendokasi kwenye njia hii vimejengwa kwa mtindo mmoja, na usiku kila kimoja ni boksi refu la mwanga upande wa kulia. Bila jina, kituo hakikuambii lolote isipokuwa kwamba uko kwenye njia ya mwendokasi.

Basi nikawa na daraja na sekunde 38. Mwendo kilomita 30 kwa saa unampeleka mita 317. Kilomita 40 unampeleka mita 422. Kijana hakukumbuka mwendo, na kuukadiria kwa jinsi vitu vinavyokuja mbele ni mtego, kwa sababu lenzi pana huvisogeza vitu mbali na kuvifanya vidogo. Gari lililo mita 8 mbele linaonekana liko mita 15 au zaidi. Kwa hiyo nilikuwa na kipande cha barabara cha mita mia moja na ushee.

Kilichonitoa hapo ni kitu kimoja ambacho lenzi mbovu haiwezi kukiharibu: vitu viwili vilivyo kwenye mstari mmoja kutoka kwenye jicho la kamera. Nguzo ikiuziba ukingo wa ubao wa duka lililo nyuma yake, basi iliuziba kweli. Lenzi inaweza kuwasogeza wote wawili upande mmoja, ikawavuta, ikawapinda, lakini haiwezi kuwatenganisha. Ukubwa, umbali na pembe hudanganya. Kuzibana hakudanganyi. Hata kamera ikiwa imeinama au imegeuzwa kidogo, jambo hilo linabaki vilevile, kwa sababu linategemea mahali kamera ilipo tu.

Kwenye fremu ya kugongwa, nguzo ya taa upande wa kushoto inaziba ukingo wa ubao wa duka unaowaka kijani. Siku ya pili, saa ileile, nikakaa kwenye Kirikuu na kijana, kamera ileile, kioo kilekile, tukapita barabara ile mara nne. Kamera hiyohiyo ni muhimu, kwani kasoro za lenzi zinakuwa sawa kwenye video zote mbili na unalinganisha bila kunyoosha chochote. Mara ya tatu nikaupata ubao. Ulikuwa karibu na kituo cha Argentina, upande wa Manzese.

Ni wapi hasa? Hapo ndipo ubovu wa picha unapopiga breki. Ubao ulikuwa umechanua mwanga kiasi kwamba fremu 15 zote zilionekana sawa. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa na fremu 30 kwa sekunde, hizo ni mita 5. Ongeza kwamba sijui Kirikuu ilikuwa katikati ya njia yake au imebana kushoto. Kukosea mita 1 kwa upana kulisogeza jibu kama mita 2 kwa urefu. Nikamwandikia afande: upande wa Manzese, karibu na Argentina, mita 10 mbele au nyuma ya nguzo ile. Nani alitoka kwenye njia yake kwanza, sikuandika. Picha haisemi. Kesi ikafunguliwa kwa upande sahihi. Namba ya Noah hatujaipata mpaka leo.

Nilichobadilisha ni kidogo. Mwanzoni kamera ilikuwa imeinamishwa, theluthi ya picha ikawa dashibodi na mabango yote ya juu yamekatwa. Nimeinyanyua mpaka upeo wa barabara ukakaa katikati, ambako lenzi ina upotoshaji mdogo zaidi. Nimepunguza mwangaza wa usiku hatua moja kwenye menyu ya `EV`, vibao vya magari ya karibu sasa vinaonyesha rangi yake.

Nampa muuzaji nyota 3 kati ya 5. Kwa kujua ulipita barabara gani na kipande gani, inatosha. Kama unataka namba za magari, tafuta yenye lenzi nyembamba zaidi, na yenye GPS kama mfuko unaruhusu. Kijana wangu amechora alama ya peni kwenye kioo kuzunguka kishikio cha kamera, na kila asubuhi kabla ya kuwasha gari anaangalia kama bado iko ndani ya alama.