Manjano ya mtoto mchanga: kutazama ngozi au macho na fizi?

Kwa mtoto mweupe, mkunga hubonyeza paji la uso au kifua kwa kidole, damu ikasogea, na rangi ya njano ikabaki wazi. Kwa mtoto mweusi, melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, huificha njano hiyo hata baada ya kubonyeza. Anayetegemea ngozi pekee anaweza kumruhusu mama arudi nyumbani huku bilirubini, kemikali ya njano iliyomo kwenye damu, ikipanda, na ikizidi sana huharibu ubongo.

Kwa mtoto huyu naona afadhali uanze na macho. Msogeze dirishani, kwa sababu taa hudanganya. Mfungue kope taratibu utazame weupe wa jicho, kisha fizi, halafu viganja na nyayo. Nyayo zikiwa za njano, hali ni mbaya: aende hospitali mara moja. Vivyo hivyo manjano yoyote ndani ya saa 24 za kwanza.

Hata hivyo, macho hayapimi kiwango. Ukiwa na shaka, apimwe bilirubini kwa damu.

Kwa nini wengi hawakufundishwa hivi? Vitabu vingi vya tiba viliandikwa Ulaya na Marekani, vikatumia picha za wagonjwa waliokuwepo huko, na matoleo mapya yakarithi picha zilezile. Ndiyo maana mwaka 2020 Malone Mukwende, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari London, alishirikiana na walimu wake kutoa kijitabu cha dalili kwenye ngozi nyeusi.