Uzoefu wangu: kutafuta kwa picha kwenye 1688, na regilateri isiyo na jina

Nauza vitu vya sola katika soko liitwalo Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Paneli ndogo, nyaya, batri, na regilateri, kile kiboksi kinachokaa kati ya paneli na batri ili batri isijazwe kupita kiasi wala kukamuliwa hadi ife. Sehemu ya kutafuta kwa picha kwenye 1688, soko la jumla la Wachina, naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nitaeleza ilipopotelea.

Mambo yalianza na fundi mmoja wa Katuba anayefunga sola kwenye nyumba za watu. Regilateri yake ya zamani ilipigwa na radi mvua zilipoanza, na watoto wakaitupa. Ilikuwa imemtumikia miaka mingi, wakati hizi tunazouza siku hizi humrudia ndani ya miezi, zimeungua. Nikamwonyesha za bluu nilizokuwa nazo mezani. Akazipima kwa mkono, akazirudisha.

“Hapana, Mama. Minataka ile yenyewe ya mu hii picha, hapana ndugu yake.”

Picha ilikuwa moja tu. Aliwahi kufungua kiboksi akabadilishe waya, akapiga picha asisahau upi ulikuwa wapi. Upande mmoja kifuniko cha bluu, upande mwingine bodi ya kijani, kidole gumba chake, na kitenge cha mkewe chini ya vyote. Hakuna jina la kampuni popote. Kulikuwa na alama ya CE, lakini hiyo haimtaji aliyetengeneza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutumia picha aliyonitumia WhatsApp kama kawaida. WhatsApp huibana picha, na maandishi madogo huwa ukungu. Nikamwomba aitume tena kwa njia ya dokumenti, si kwa njia ya picha, na ikaja nzima, nzito mara nyingi kuliko ya kwanza. Kwenye kona ya bodi sasa zikaonekana herufi nyeupe: V3.1, yaani toleo la bodi, na chini yake 20190617. Hiyo ni tarehe, mwaka ukitangulia. Kwa kawaida ni siku mchoro wa bodi ulipokamilishwa, si siku kiboksi kilipotengenezwa, watu wengi huchanganya hapo.

Basi nikafungua 1688, nikabonyeza alama ya kamera. Mara ya kwanza nilitupia picha nzima, nikaletewa vitenge. Ndiyo, vitenge, tena vizuri. Programu huweka fremu juu ya picha, na fremu hiyo unaweza kuivuta kwa kidole. Nikaibana ikabaki na kifuniko peke yake. Papo hapo yakaja maboksi ya bluu, safu kwa safu: kioo kilekile, vitufe vitatu vilevile, matundu mawili ya USB, skrubu sita za nyaya. Niliwahesabu wauzaji arobaini nikachoka.

Hapo ndipo nyota ya tano ilipopotelea. Picha ilinipatia ganda. Ganda hilo Wachina huliita 公模, kalibu ya wote: mtu mmoja hutengeneza kalibu ya plastiki, kisha humuuzia maganda yeyote anayetaka. Viwanda kumi vinaweza kuweka bodi kumi tofauti ndani ya ganda lilelile, na kwa nje huoni kitu. Ndiyo sababu regilateri mbili zinazofanana kama mapacha, moja inaishi, nyingine inakufa. Nilijaribu pia kutafuta ile nambari ya kwenye bodi. Sikupata chochote, maana nambari kama hizo ni za kiwandani kwao, hazitangazwi.

Kwa hiyo niliigeuza kazi. Nambari haikunipeleka kwa mtengenezaji, lakini ingeweza kumtambulisha akijitokeza. Katika ukurasa wa kila muuzaji kuna mstari wa 经营模式, aina ya biashara. Penye 生产厂家 anajitaja kuwa kiwanda. Wengine ni wachuuzi kama mimi, tofauti yetu ni bahari tu. Nikabaki na kumi na mmoja. Mimi Kichina sijui, lakini kuna kijana wa hapa kwetu anayeishi Guangzhou na kututumia mizigo. Nikampa ujumbe mmoja awaandikie wote: fungueni kifuniko, mpige picha ya bodi, na kando yake muweke kikaratasi chenye tarehe ya leo na neno KENYA kwa kalamu.

Kikaratasi ndicho kilichochuja. Wanne hawakujibu. Watano walituma picha za katalogi, nzuri, zenye mwanga, bila kikaratasi. Hao hawana kiboksi mkononi, wanasubiri ulipe ndipo wakakinunue. Mmoja alituma kikaratasi na bodi isiyofanana kabisa. Wa mwisho alituma picha nne, mbaya, zilizopigwa haraka. Katika ya tatu bodi zilikuwa bado zimeshikana, nane katika ubao mmoja, kama biskuti kabla hazijakatwa. Mchuuzi hapati bodi zikiwa hivyo. Hutoka hivyo kwenye mashine ya kuweka vipande, ndipo huvunjwa mojamoja. Na mwandiko wa kona ulikuwa uleule wa picha ya fundi, herufi zilezile, nafasi ileile.

Isipokuwa ilisema V3.4.

Nikampigia fundi, akaja, tukaweka simu mbili kando kwa kando juu ya meza, tukilinganisha kama watu wanaotafuta tofauti kwenye gazeti la watoto. Ni yeye aliyeiona. Katika picha yake, mosifeti tatu, vile vipande vyeusi vya miguu mitatu vinavyoruhusu na kukata umeme, zilikuwa zimefungwa kwenye kibati cha alumini. Kwenye V3.4 zilikuwa mbili. Nafasi ya tatu ilikuwepo, matundu yake matatu yakiwa matupu. Nje bado imeandikwa 30A. Mzigo uleule sasa unabebwa na wachache zaidi, kila kimoja kinapata moto zaidi, na joto la Oktoba huku kwetu huongeza juu yake.

Kiwanda hakikubisha. Walisema wateja walitaka bei ishuke, wakaishusha. Wangeweza kurudisha kipande cha tatu na kibati kinene, kwa yuan 27 badala ya 21, lakini si chini ya viboksi 200. Mimi peke yangu 200 siwezi. Nikaungana na wenzangu wawili wa mstari wetu, mmoja akilalamika mpaka leo kwamba nimemfanya anunue tundu lililozibwa.

Mzigo ulipanda meli hadi Dar es Salaam, ukaja kwa lori kupitia Zambia, ukavuka mpaka wa Kasumbalesa. Miezi miwili na nusu. Anayetafuta kitu cha wiki ijayo, njia hii si yake. Na bila mtu wa kukuandikia Kichina na kupokea mzigo kule, programu itakuonyesha vitu tu.

Fundi alikuja asubuhi katoni ilipofunguliwa. Hakuuliza bei. Alitoa bisibisi mfukoni, akalegeza skrubu nne za nyuma, akainua kifuniko, akahesabu kwa ncha ya bisibisi.

“Tatu.”

Akakifunga, akachukua cha pili, akaanza kukifungua nacho.