Dirisha, yaani muda ambao roketi inaweza kuruka, likiwa la sekunde moja au la masaa mawili, lipi bora?

Hili swali linarudi kila mara kwa sababu watu wanachanganya safari mbili tofauti. Ukienda kituo cha anga cha ISS, njia yake imelala nyuzi 51.6 toka ikweta na inabaki karibu palepale angani, ila dunia ndo inazunguka chini yake, nyuzi moja kila dakika 4, kwahiyo lazima uruke pale pedi ya kurushia inapopita chini ya hiyo njia, na hilo ndo dirisha la sekunde moja. Chelewa dakika 4 tu, ukifika juu unakuta umepishana nayo karibu nyuzi 0.8, na kugeuza ukiwa kwenye kasi ya kilomita 7.7 kwa sekunde kunakula kama mita 100 kwa sekunde za ziada, mafuta ambayo chombo kingetumia kukifikia kituo.

Setilaiti ya mawasiliano inayokaa juu ya ikweta haina shida hiyo, duara lake liko vilevile mbele ya pedi saa zote. Dirisha linaweza kufika masaa mawili, kinacholibana zaidi ni jua liangukie wapi kwenye paneli.

Kwa kuahirisha, refu linashinda wazi: wingu likipita unasubiri. La sekunde moja unarudi kesho, mapema kwa dakika 20 na kitu. Lakini kama roketi yako ni Falcon 9, oksijeni iliyopozwa sana inapata joto ukisubiri, kwahiyo hata dirisha refu huli lote kirahisi.

Unaenda kukutana na kitu, ama unaenda kukaa ikweta? Anzia hapo.